Kilichozidi Safu ya Pili

Daktari alinikabidhi madaftari yake matatu kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto, akaniambia, "Maneno yangu unaweza kuyanyoosha. Kiswahili changu ni cha kuokota. Lakini namba zangu usiziguse."

Nikamwahidi kwamba sitazigusa.

Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mtu mzima mwenye mvi kidogo, aliyesomea udaktari kwa Kifaransa na sasa akifundisha wahudumu wa afya wa kambi moja upande wa Kibondo. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu mwaka uliotangulia, nikarudi kwetu Kasulu, na baada ya miezi mingi ya kukaa kwa wazazi nikisikiliza redio nilipata kazi kwenye ofisi ya mafunzo ya shirika lililoendesha zahanati za kambini. Cheo changu kilikuwa msaidizi wa mafunzo. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na ofisi ilikuwa imeletewa kompyuta nne: mbili zikabaki Kasulu, mbili zikapelekwa kambini, kwenye banda la mafunzo lenye jenereta.

Pamoja na kompyuta zile ilikuja programu ya kadi za kujifunzia. Kioo kinaonyesha swali, unafikiri, unabonyeza, jibu linatokea. Ukisema ulikuwa umekosea, kadi inarudi baada ya muda mfupi. Ukisema ulipata, inakaa mbali kidogo. Mratibu wetu, mama mmoja wa Tabora aliyekuwa muuguzi mkuu kabla ya kuja kwetu, aliipenda sana kwa sababu wanafunzi wake walikuwa wakikariri kurasa nzima bila kujua kinachoulizwa. Zaidi ya hapo, programu iliweza kuchapa kadi zote kwenye karatasi. Tungezikata kwa mashine ya kukatia na kuzifunga kwa mipira, na yule asiyepata nafasi kwenye kompyuta angesoma mkononi.

Kilichotakiwa ni mtu wa kugeuza madaftari ya daktari kuwa maswali na majibu, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Mtihani ulikuwa karibu. Serikali ilikuwa imeamua kwamba kila anayehudumia wagonjwa kambini, hata kama alikuwa muuguzi kwao kwa miaka mingi, afanye mtihani mmoja wa kazi yake, kwa Kiswahili. Atakayepata sitini kwa mia anabaki na kazi. Atakayekosa anaondoka zahanati, na hakuna marudio. Mshahara wenyewe ulikuwa mdogo, lakini kambini, ambako watu waliishi kwa mahindi na maharage ya mgao, ulikuwa ndio sabuni, chumvi na nguo za mtoto wa shule.

Kazi ya kugeuza madaftari ilinichosha kuliko nilivyotarajia. Daktari aliandika kama anavyozungumza, kwa mzunguko, na sentensi moja iliweza kubeba mambo matano. Kadi nzuri inauliza jambo moja na kujibiwa kwa maneno machache. Kwa hiyo ukurasa wake mmoja kuhusu watoto wachanga ulinizalia kadi zaidi ya kumi: Mtoto mchanga huhesabiwa ana uzito pungufu akiwa chini ya kilo ngapi? Joto la kwapani la mtoto mchanga likiwa chini ya nyuzi ngapi ni dalili ya hatari? Kila swali nililiandika, nikalifuta, nikaliandika tena. Niliogopa kwamba mtu angelielewa vibaya. Niliogopa neno "huhesabiwa". Nilimwendea mratibu kumuuliza kama tuseme "nyuzi" au "digrii". Siku nyingine nilimwendea kumwambia kwamba kadi moja ina maneno marefu na mwanafunzi anaweza kukata tamaa.

"Mwanangu," alisema, miwani yake ikiwa juu ya kichwa, "kila ukiingia hapa nadhani kambi imeungua."

Niliandika kila kadi kwenye mstari wake: swali, kisha mkato bila nafasi, kisha jibu, halafu mstari mpya. Hivyo ndivyo programu ilivyotaka kulishwa. Faili la maandishi matupu, lenye safu mbili zilizotenganishwa kwa mkato. Kilicho kabla ya mkato ni uso wa kadi, kilicho baada yake ni mgongo wa kadi. Ukibonyeza kitufe cha kuanza mstari mpya katikati ya jibu, nusu ya jibu inakuwa kadi nyingine isiyo na maana. Nilijifunza hilo kwa kuumia.

Fundi wa kompyuta alikuwa kijana wa Dar es Salaam, mchangamfu, aliyevaa kofia hata ndani ya ofisi na kulalamika kila asubuhi juu ya baridi ya Kasulu. Nilipomaliza kuandika, tuliingiza faili pamoja mara ya kwanza. Kadi ya kwanza iliyotokea iliuliza dalili za mtoto aliyepungukiwa maji mwilini. Jibu lilisema: macho yaliyozama. Basi. Ngozi isiyorudi haraka, kinywa kikavu, kiu kali, vyote nilivyoandika havikuwepo.

"Imekula," nilisema.

"Haijala, msomi. Imetii." Alivuta kiti. "Wewe umeiambia safu mbili. Mkato wa kwanza umefunga swali. Mkato wa pili umefunga jibu. Kinachofuata ni safu ya tatu, na safu ya tatu haina pa kukaa. Inaitupa."

"Bila kusema?"

"Ulitaka ikuandikie barua?"

Aliniambia kuna njia mbili. Moja ni kufunga kila jibu kwa alama za kufungua na kufunga usemi, na programu itajua kwamba mikato iliyo ndani ya alama hizo ni ya maandishi tu. Mimi niliitaka hiyo. Lakini kadi zilikuwa mamia, alama zingewekwa kwa mkono moja moja, na gari la Kibondo lilikuwa linaondoka asubuhi. Yeye alikuwa na njia fupi.

"Angalia. Mkato wako unaotenganisha swali na jibu hauna nafasi baada yake. Mkato wa kwenye sentensi, je?"

"Una nafasi."

"Kila mtu aliyefundishwa kuandika anaweka nafasi baada ya mkato. Basi tunaiambia mashine: tafuta kila mkato wenye nafasi, weka nukta mkato. Mikato yenye kazi inabaki salama."

Alibonyeza mara moja. Mashine ikatangaza mamia ya mabadiliko. Tukaingiza faili upya, na kadi ya maji mwilini ikatokea nzima: macho yaliyozama; ngozi isiyorudi haraka; kinywa kikavu; kiu kali. Fundi alinyoosha mikono kama mcheza mpira aliyefunga goli. Mimi nilipitia kadi zote zilizokuwa na orodha, moja baada ya moja, hadi macho yakauma. Zote zilikuwa nzima. Tukachapa, tukakata, tukafunga kwa mipira.

Kesho yake nilikwenda Kibondo na disketi mfukoni, nikiwa nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu ya vumbi, na juu ya nailoni nikaweka bahasha kwa sababu ya wasiwasi.

Banda la mafunzo lilikuwa la mabati na turubai, sakafu ya udongo uliopigwa. Wanafunzi walikuwa watu wazima karibu wote. Walipanga foleni kwenye kompyuta kama wanavyopanga kwenye bomba la maji, kimya na kwa heshima. Aliyekaa wa kwanza upande wangu alikuwa mama mmoja mwembamba, kitenge kikiwa kimefungwa juu ya gauni jeupe la zahanati. Alikuwa muuguzi kwao kabla ya vita, wodi ya wazazi. Vyeti vyake viliungua pamoja na nyumba. Mume hakufika mpakani. Alikuwa akilea wajukuu wawili, watoto wa binti ambaye hakumtaja nami sikuuliza. Zahanati yote ilimwita Mama Wodi.

"Amahoro, mwana wanje," alinisalimu kwa Kirundi. "Hii mashine inauma?"

"Haiumi, mama. Bonyeza hapa ukishafikiri."

"Na nisipofikiri?"

"Bonyeza hivyohivyo."

Nyuma yake watu walicheka. Alibonyeza kwa kidole kimoja, kila mara akikiinua juu kabla ya kukishusha. Kiswahili cha maswali kilimsumbua. Alisoma kwa sauti ndogo, akageuza kwa Kirundi mdomoni, akajibu. Kwenye fomu za taarifa za mwezi na sheria za rufaa za Tanzania alikosa mfululizo. Ilipofika sehemu ya watoto wachanga alinyooka kidogo kwenye kiti. Akajibu moja, akabonyeza, akatazama jibu. Midomo yake ilitembea. Kisha akabonyeza kitufe cha kusema alikuwa amekosea. Nilidhani anasoma polepole.

Kwenye kompyuta ya pili kulizuka kicheko. Kadi ilikuwa imeuliza: sindano ya pepopunda kwa mama mjamzito ni mililita ngapi? Jibu lilisema: 0.

"Hii mashine ni ya kweli kuliko wakubwa!" alisema kijana mmoja mpima malaria. "Stoo hakuna chanjo tangu mwezi uliopita. Sifuri kabisa!"

"Muulize na panadoli!"

"Panadoli itasema rudi kesho!"

Hata mimi nilicheka. Nilijisemea kwamba hapo nilibonyeza vibaya, nikaandika kwenye kiganja nirekebishe kadi hiyo moja, na jasho likafuta.

Nilirudi Kasulu. Mtihani ukiwa umekaribia kabisa dada yangu alijifungua katika kituo cha afya cha mjini. Nilimpelekea uji. Kitoto kilikuwa kimefungwa khanga mbili na sweta, na muuguzi wa zamu, mwanamke mnene mwenye sauti ya ukali, alikuwa akimgombeza dada kwa Kiha kwa sababu alitaka kwenda nyumbani.

"Kilo mbili na robo, unaenda naye wapi kwenye ukungu huu? Unakaa hapa tumwangalie."

"Si amezidi mbili?" nilisema. Nilitaka kuonyesha kwamba najua.

Alinitazama kuanzia viatu. "Nani kakwambia mbili? Chini ya mbili na nusu ni uzito pungufu. Wewe ni daktari wa wapi?"

Dada alicheka hadi akashika tumbo. Mimi nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikiwa na kibakuli cha uji mkononi. Nilikuwa naiona ile kadi. Akiwa chini ya kilo ngapi? 2. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi kiasi kwamba nimeiamini.

Nilikwenda ofisini moja kwa moja na kufungua daftari la daktari. Kwa mwandiko wake wa kulala, aliandika 2,5 kg. Huko walikosoma wao, nukta ya desimali ni mkato. Wakisoma wanasema virigule. Nilikuwa nimenakili kama alivyoniambia, bila kugusa namba. Na hakuna mtu duniani anayeweka nafasi kati ya mbili na tano. Mashine ya fundi ilipotafuta mikato yenye nafasi, ilipita juu ya hii bila kuiona. Programu ilipofika kwenye mstari ilikuta mkato wa kwanza, ikafunga swali. Ikakuta wa pili, ikafunga jibu kwenye 2. Ile 5 pamoja na neno kilo vikawa safu ya tatu.

Nilianza kupekua. Homa ya kwapani, 37,5, imekuwa 37. Joto la hatari la mtoto mchanga, 35,5, imekuwa 35. Mzingo wa mkono wa mtoto wa kupewa chakula cha nyongeza, sentimita 12,5, imekuwa 12. Sindano ya pepopunda, 0,5, imekuwa kile kichekesho. Kilichonitisha ni kwamba, ukiacha hiyo sifuri, hakuna hata moja iliyoonekana kama kosa. Jibu lililokatwa kwenye orodha linajionyesha. Namba iliyokatwa inabaki namba.

Mratibu alikuwa anafunga ofisi. Nilimwambia kadi zina makosa.

"Leo ni nini? Nyuzi au digrii?"

"Namba, mama. Namba zimekatwa."

"Wewe mwenyewe ulizipitia zote. Ulinikalisha hapa nikiangalia orodha." Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka tu, na kwa miezi yote ile nilikuwa nimemletea hofu nyingi zisizo na kitu. "Nenda kamwangalie dada yako. Kesho asubuhi fundi akirudi kutoka Kigoma mtaniletea."

"Mtihani ni kesho."

"Mtihani ni keshokutwa."

Ulikuwa kesho. Mkaguzi wa wilaya aliyetunga mtihani alikuwa ameusogeza mbele siku moja kwa sababu ya safari zake, taarifa ikafika Kibondo, na Kasulu tukaipata mimi na karani wa redio tu. Nilimwambia hivyo mratibu. Akaenda chumba cha redio, akakuta karani ameshaondoka na ufunguo, naye anaishi ng'ambo ya bonde. Akasema tutaita alfajiri.

Alfajiri mvua ilikuwa inapiga. Karani alichelewa na ufunguo wake, na saa mbili ilikuwa imepita fundi alipofika akiwa na matope hadi magotini, akafungua faili, akatafuta mkato wa kawaida, na kioo kikajaa. Hakutania. Alivua kofia.

"Nilisema kila mtu anaweka nafasi," alisema.

"Kwenye maneno."

"Ndiyo. Kwenye maneno."

Mratibu alisimama nyuma yetu akisoma mistari. Aliposoma ile ya kilo mbili alishika mdomo, kisha akaenda mwenyewe kwenye redio. Sauti ya Kibondo ilikuja imechanika kwa mvua: watahiniwa wameingia saa mbili, milango imefungwa, mkaguzi haruhusu kuingia mtu. Nirudie ujumbe? Over.

Niliondoka na gari la kwanza. Baada ya Makere barabara ilikuwa uji mwekundu, tukasukuma, tukakwama, tukasukuma tena. Njiani nilipanga maneno. Nilikuwa na hakika na jambo moja: kulikuwa na watu ambao wangepoteza kazi kwa sababu walikuwa wamekariri tulichowapa. Niliwaona mmoja mmoja, na wa kwanza alikuwa Mama Wodi akibonyeza kile kitufe cha kukosea. Sikuwahi kuwa na hofu yenye haki kama ile, na nadhani nilikuwa nimeishika kwa nguvu kwa sababu hiyo.

Nilifika jioni, mtihani ukiwa umekwisha. Kesho yake asubuhi mkaguzi, mratibu wa kambi na daktari walikuwa wamekaa kwenye chumba cha mafunzo na karatasi zilizosahihishwa. Niliwaeleza. Nilichora ubaoni: swali, mkato, mbili, mkato, tano. Daktari alisogea ubaoni, akaweka kidole kwenye mkato wa pili.

"Virigule yangu," alisema.

"Si kosa lako, daktari."

"Sijasema ni kosa. Nasema ni yangu."

Mkaguzi alikuwa mtu wa utaratibu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alipitia karatasi yake ya maswali. Kati ya maswali hamsini, sita yaliulizia namba zilizokatwa. Nilimwomba yeyote aliyejibu kama kadi ilivyosema apewe alama.

"Nimpe mtu alama kwa kusema homa inaanza thelathini na saba?" aliuliza. "Halafu nikitoka hapa nilale?"

"Tuliwafundisha hivyo."

"Mliwafundisha vibaya. Siwezi kuweka tiki kwenye jibu la kuua mtoto. Ninachoweza ni kufuta swali. Nikilifuta, limefutwa kwa wote. Hakuna aliyekosa, hakuna aliyepata. Hesabu inabaki kwenye arobaini na nne."

Ilikuwa haki. Niliipima kila upande nilivyozoea na sikuona kasoro. Nikamshukuru. Mratibu wa kambi alikubali. Daktari alisita, akasema tuone kwanza nani alijibu nini, lakini mkaguzi alisema hilo ndilo hasa lisiloruhusiwa: ukianza kuangalia majina unaanza kuchagua watu. Nilimuunga mkono mkaguzi. Nilisema hayo kwa sauti. Daktari akainua mabega.

Mkaguzi alipiga mistari sita ya wino mwekundu kwenye kila karatasi, akahesabu upya kwa mashine ya kuhesabia yenye vitufe vikubwa. Watu watatu waliokuwa wameanguka walipanda na kupita. Kisha akafika kwenye karatasi moja, akahesabu, akahesabu tena, akaisogeza kwa daktari.

Ilikuwa ya Mama Wodi. Alikuwa amepata thelathini na mbili kati ya hamsini. Amepita. Kati ya hizo thelathini na mbili, sita zilikuwa zile sita. Alikuwa amezipata zote. Mbili na nusu, thelathini na saba na nusu, zote, zimeandikwa kwa mkato kama daktari, kwa herufi kubwa za mtu anayeandika polepole. Zikiondolewa, zilibaki ishirini na sita kati ya arobaini na nne. Mashine ya kuhesabia ilionyesha hamsini na tisa na vipande.

"Huyu alijua," nilisema. "Huyu ndiye pekee aliyejua."

"Naona," alisema mkaguzi.

"Basi mwachie zake."

"Jana jioni ungeniambia niache mtihani ulivyo, ningeacha. Leo nimefuta kwa wote, na watatu wamepita kwa kufuta huko. Nimwachie yeye sita, na wao niwaambie nini?" Aliuliza kwa upole kabisa, na alisubiri. Mratibu wa kambi alitazama nje. Daktari alisema kitu kwa Kifaransa ambacho hakuna aliyekitafsiri, akaweka sahihi yake chini ya karatasi kama wengine.

Orodha ilibandikwa mchana kwenye mlango wa zahanati. Mama Wodi alikuja na mjukuu mmoja mgongoni. Alisoma kuanzia juu hadi chini, kisha kuanzia chini hadi juu. Nilimfuata hadi kwenye kivuli cha paa na nikamweleza yote, kadi, mikato, mistari myekundu, hesabu. Nilieleza mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilieleza haraka.

"Kwa hiyo ilikuwa mbili na nusu," alisema.

"Ndiyo, mama. Ilikuwa mbili na nusu tangu mwanzo."

"Mimi nilidhani ndivyo Tanzania mlivyo. Kwamba hapa mtoto wa kilo mbili na robo ni mzima. Nikasema basi, nimekuja kwa watu, nifuate yao. Nikakariri mbili. Nilikuwa naisema nikitwanga. Mbili, mbili." Alimpandisha mtoto mgongoni. "Kwenye karatasi mkono ulikataa. Nikaandika ya kwetu. Nikajua nimeanguka hapo."

"Hapo ndipo ulipopata."

"Ego, ndiyo," alisema. "Na wiki hii tumewatoa watoto kwenye foleni ya chakula cha nyongeza. Wenye mkono wa kumi na mbili na kidogo. Vijana walisema kadi imesema. Mwende mkawatafute."

Nilisema tutawatafuta. Mratibu wa kambi alikwisha kutuma watu. Wengine walipatikana. Sikuwahi kuambiwa kama ni wote, na niliuliza mara nyingi hadi wakaacha kunijibu.

Mtunza stoo alimwita Mama Wodi ndani ili arudishe vifaa. Alivua gauni jeupe juu ya kitenge, akalikunja mara nne, akaliweka mezani. Mtunza stoo alisoma kutoka kwenye karatasi yake: gauni moja, utepe wa kupimia mmoja, kipimajoto kimoja. Mama Wodi alitoa kipimajoto kwenye kibweta chake. Zebaki ilikuwa imesimama juu, kwa joto la mwili wake mwenyewe au la mgonjwa wa mwisho. Alikitazama kwenye mwanga wa mlango, akakikung'uta mara mbili kwa kifundo cha mkono, haraka, kama wafanyavyo wauguzi wa wodi bila kufikiri, hadi zebaki ikashuka chini kabisa. Kisha akampa.

"Weka tiki," alimwambia.